Picha Inayoonekana Upande Mmoja

Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye mkurugenzi wa ofisi yetu ya tafsiri. Ofisi ina meza mbili na watu wawili, kwa hiyo anayeongozwa ni mimi.

Asubuhi ile aliita kwa furaha. "Shem, njoo uone kituko kingine!"

Ujumbe ulikuwa umeingia kupitia fomu ya tovuti yetu: "Habari za kazi. Mimi ni fundi wa majokofu. Naomba mnitafsirie hii picha haraka, niko kwenye chumba baridi cha bucha na nyama ni nyingi." Chini yake hapakuwa na kitu.

"Mtu mzima anaomba tafsiri ya hewa," alisema shemeji. Akaandika huku akijisomea kwa sauti, maana alipenda kuisikia: "Ndugu, sisi ni watafsiri, si waganga wa ramli." Akatuma, akaegemea kiti kama aliyemaliza kazi ya siku.

Fundi hakuchelewa. "Samahani mkuu, natuma tena. Picha hii hapa." Chini, patupu vilevile.

"Sikio la kufa!" Shemeji alipiga meza. "Huyu ndiye anayeshika nyaya za umeme?"

"Labda kwake anaiona," nilisema.

"Anaiona wapi, ndotoni?"

Ujumbe wa tatu ulikuwa mfupi. "Wakuu, picha ni ya kioo cha mtambo. Baridi inapungua. Kuna kitufe cha kijani na chekundu. Mwenye bucha amesimama hapa. Nibonyeze kipi?"

Hapo shemeji alitabasamu tabasamu la mtaalamu. Alianza kuandika: "Maandishi yanakuomba uthibitishe kuwasha upya mtambo. Bonyeza kijani."

"Umeyasoma wapi, Shem?"

"Kijani ni kijani dunia nzima. Mteja anataka jibu, mpe jibu."

Nimefanya naye kazi muda mrefu na huwa sina haraka ya kumhukumu mtu. Lakini kumkejeli mteja kwa kuwa hakuna picha, kisha kumtafsiria picha hiyohiyo usiyoiona, ni ujasiri ambao ungemfaa mwizi zaidi. Nilivuta kibodi kwangu, nikafuta sentensi zake, nikaandika:

"Fundi, picha yako haijatufikia hata mara moja. Tumepata maneno yako tu, kwa hiyo sijui kioo kinasema nini na sitakisia. Kama unaweza kusubiri, usibonyeze kitufe chochote kwa sasa. Ikiwa uliibandika picha ndani ya kisanduku cha maneno, huenda ndiko ilikopotelea. Jaribu alama ya klipu, ile ya kuambatisha faili, iliyo chini ya kisanduku, na uhakikishe jina la faili limetokea kabla ya kutuma. Ikishindikana, ninakilie maneno ya kioo herufi kwa herufi, hata kama huyaelewi, na useme neno lipi liko kwenye kitufe kipi."

"Barua ya posa hiyo," shemeji alisema.

Fundi alichagua kunakili. Herufi zilikuja zimekosewa hapa na pale, ila zilisomeka. Nikamrudishia: "Kinauliza: Uyeyushe barafu yote sasa? Ubaridi utazimwa na hita zitawaka. Kijani ni ndiyo. Chekundu ni hapana, endelea kupoza."

Tulisubiri. Shemeji aliangalia dirishani kama mtu anayepima mvua.

"Nimebonyeza chekundu," fundi aliandika hatimaye. "Mtambo umeanza kuunguruma, baridi inarudi. Mwenye bucha ameacha kunitukana. Ila mkuu, nilibandika mwenyewe kwenye kisanduku na picha naiona mpaka sasa!"

"Anaiona!" Shemeji alicheka. "Mtu hajui kutuma picha, na bado anabisha."

"Basi tuma wewe unayejua. Ibandike pale alipobandika yeye."

Alichagua picha yake ya suti, ile ya tai nyekundu. Aliibandika kwenye kisanduku cha fomu yetu; ikakaa vizuri, kubwa, na tai yake. Akaandika "Tafsiri hii" na kutuma kwa madaha. Kwenye meza yangu yalifika maneno mawili. Kisanduku chetu wenyewe kilikuwa kinaonyesha picha kwa mtumaji, kisha kinatuletea maandishi matupu.

"Mtandao," alisema.

Alirudia. Maneno mawili.

"Kompyuta yako ni mbovu."

Alituma kutoka kwenye simu yake. Maneno mawili.

Alijiangalia kwenye kioo cha simu, yupo kamili, anatabasamu. Kisha akakohoa. "Weka onyo juu ya fomu, watu watumie klipu. Na uandike kwamba mkurugenzi ndiye aliyegundua."

Nililiandika onyo, kubwa na wazi. Nafasi ya jina haikutosha.