Kura ya Nyumba Namba Tisa

Hakuwa na mapazia, hakuwa na ndugu mtaani, hakuwa na saa hata ya mkononi, na, kama nilivyolazimika kumwambia, hakuwa na kura. Fundi cherehani alikuwa na wiki mbili tu nyumba namba tisa. Mimi, katibu wa chama cha mtaa, nilimfuata na katiba yetu kwapani.

"Ada ni kila mwezi, kabla ya tarehe tano. Ukikosa miezi mitatu, hupigi kura mpaka umalize deni. Nyumba moja, kura moja. Mkigombana, kwanza mnaongea wenyewe. Mkishindwana, kamati ya watu watatu. Rufaa ni mkutano mkuu."

"Basi niandikishe, baba. Jirani yangu mwashi amenishtaki. Eti saa yangu inagonga ukutani kwake mchana kutwa. Saa ipi?"

Nilikohoa. Kabla yake aliishi pale fundi saa, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Alikuwa amelipa ada ya miaka kumi mbele, na katiba inasema uanachama hukoma kwa barua ya mwanachama mwenyewe tu.

"Kwa hiyo maiti ni mwanachama, mimi mzima ni mgeni?"

"Kwa maandishi, ndiyo, mwanangu. Na kamati haimsikilizi asiye mwanachama. Mwashi akishinda, mwenye nyumba ataombwa akutoe."

"Nani aliandika upuuzi huu?"

"Mimi," nikasema.

Kurekebisha kifungu kunataka pendekezo la maandishi siku kumi na nne kabla ya mkutano, na theluthi mbili ya nyumba zote kumi na mbili: kura nane. Nikaandika pendekezo usiku uleule: uanachama ukome pia kwa kifo.

Siku hizo zilipotimia, tulikutana kwenye darasa la shule ya mtaa Jumapili, saa tisa mchana. Wanachama kumi na mmoja, na yeye mgeni benchi la nyuma, mikono mapajani.

"Wanaokataa?" Mikono minne, wa mwashi ukiwa wa kwanza.

"Wanaokubali?" Minane.

Kinyozi akaangua kicheko. "Katibu, hizo ndizo hesabu ulizosoma shule ya usiku? Tuko kumi na mmoja!"

Nikarudia kwa kidole, mkono kwa mkono. Mikono saba nikawajua wenyewe. Wa nane ulikuwa juu ya kiti cha namba tisa, ambacho hakuna aliyekikalia: mkono mwembamba, kidole gumba cheusi kwa grisi. Kinyozi akaufuata macho, kicheko kikamkatika.

"Andika, katibu," mwashi akasema kwa sauti ndogo. "Imepita."

Nikaandika. Fundi cherehani akatia sahihi kwenye daftari la wanachama.

Lilibaki jambo moja. Anayeondolewa uanachama hujulishwa kwa barua, kwenye anwani yake ya daftarini. Sikuwahi kuruka kifungu. Nilimwandikia fundi saa kwamba uanachama wake umekoma, nikamshukuru kwa kura yake, nikaifunga bahasha kwa gundi. Fundi cherehani alisimama nami nje ya mlango wake uliofungwa, funguo mkononi, wakati nikiisukuma chini ya mlango.

Ilipofika nusu, ikavutwa kwa ndani.