Mguu wa Eno Birago

Kwa miaka kumi na mmoja Konadu alikuwa na kazi moja kila asubuhi, na hapakuwa na mtu pale mjini Mampong aliyethubutu kumwambia kwamba haiwezi. Alichemsha majani ya mwarobaini, akatia chumvi, akayaacha maji yapoe, kisha akaketi mbele ya mama yake na kuupakata mguu wake wa kushoto. Kidonda kilikuwa upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo, kipana kama kiganja cha mtoto. Alikiosha, akakikausha, akapasua vidonge viwili vya antibiotiki na kumwaga unga wake wa manjano juu ya nyama mbichi, akafunga kwa kitambaa safi. Kesho yake kitambaa kilikuwa kimelowa, naye akaanza upya.

Mama yake, Eno Birago, 'eno' ikiwa ni 'mama' kwa lugha yao, alikuwa ameuza fufu, ugali wa mihogo na ndizi unaotwangwa kinuni, kwenye mgahawa wake miaka thelathini na mitano, na fufu haitwangwi mtu akiwa amekaa. Baada ya mtoto wa tano mishipa ya miguu ilimvimba ikajipinda chini ya ngozi kama kamba zilizofungwa mafundo. Jioni miguu ilijaa. Ngozi ya kifundo ikawa nyeusi kupita mwili wote, ngumu kama ya ngoma. Siku moja alijigonga kwenye kinu, mkwaruzo mdogo tu, na ule mkwaruzo ndio uliokuwa haujafunga mpaka leo. Mara mbili ulikaribia, mara mbili ukafumuka.

Konadu alikuja kutoka mji wa Obuasi, alikoolewa, kumuuguza kwa mwezi mmoja. Mwezi ukazaa miaka, na mumewe akaoa mwingine bila hata kutuma ujumbe. Hakulia sana. Majirani walipopita uani walimwona na beseni lake wakasema, ukizaa, zaa Konadu. Maneno hayo yalimshibisha kuliko chakula.

Mdogo wake, Nyarkoa, alikuwa mwalimu mjini Kumasi. Alikuja kila mwisho wa mwezi na mikate na maneno mengi, akakaa saa nne, akaondoka. Ndiye aliyeleta habari za nesi mmoja, Sista Akyaa, aliyeshughulikia vidonda vya miguu kila Alhamisi kwenye kituo cha afya cha ng'ambo ya mji. Konadu alisema mama amekwisha chezewa na waganga wengi. Nyarkoa akajibu kwamba si vibaya kwenda kuangalia, na mama akachukua kitambaa chake cha kichwa.

Akyaa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Kilichomuudhi Konadu tangu mwanzo ni kwamba hakukishangaa kidonda. Alianza na mguu. Alibonyeza muundi kwa kidole gumba, shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Alipima presha ya mkono, kisha presha ya kifundo, akisikiliza kwa kidude kidogo kilichovuma kama upepo kila damu ilipopita. Akaridhika.

"Damu inashuka vizuri mpaka vidoleni," alisema. "Shida iko kwenye kupanda. Ndani ya hii mishipa kuna vilango vya kuizuia damu isirudi chini. Vya Eno vimelegea. Kwa hiyo damu inatuama hapa kifundoni, inakamua maji nje, ngozi inakosa chakula. Kidonda kitafunga vipi kwenye kinamasi?"

"Na dawa?" Konadu aliuliza. "Hutii dawa yoyote?"

"Dada, kidonda chenyewe ni kisafi. Umekitunza. Ila ulikuwa unapiga deki huku bomba limepasuka."

Alisema kwa upole, lakini Konadu alisikia miaka kumi na mmoja ikimwagwa nje pamoja na maji ya beseni. Akatazama nesi akizungusha pamba laini, kisha bandeji nyepesi, kisha ya kuvutika, kisha ile inayojinata yenyewe, kuanzia vidole vya mguu, kisigino kikiwa ndani, mpaka chini ya goti. Ikibana zaidi kifundoni na kulegea kadiri inavyopanda. Aliwaambia kwamba vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, waikate mara moja. Vinginevyo isiguswe mpaka Alhamisi. Mama atembee, maana shavu la mguu ndiyo pampu, na akipumzika alale chali, miguu juu kupita kifua.

Asubuhi iliyofuata Konadu aliamka, akateka maji, ndipo akakumbuka hakuna cha kuosha. Alisimama na sufuria mkononi. Mama yake alikuwa ameshatoka, anazunguka uani taratibu kwa fimbo, anahesabu mizunguko.

Wiki ya tatu mguu ulikuwa umenywea, mifupa ya kifundo ikaonekana kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya baba yake Konadu. Akyaa aliweka karatasi ya plastiki juu ya kidonda, akachora ukingo wake, akailinganisha na ya mwanzo. Kilikuwa kimepungua robo. Eno Birago aliiomba ile karatasi akaenda nayo nyumbani kuwaonyesha majirani. "Akyaa wangu," alimwita. Akyaa wangu ana mikono ya pamba. Akyaa wangu kasema hivi. Na Nyarkoa alipokuja, mama alimshika mashavu akasema Mungu amempa mtoto mwenye macho. Konadu alikuwa jikoni anakatakata bamia. Alizikata mpaka zikawa uji.

Wivu hauna adabu, hauchagui wakati. Ulimkuta akifua, ulimkuta kanisani. Aliwaza: mikono yangu imeingia kwenye usaha miaka yote hii, huyu anakuja na matambara ya dukani, saa moja kwa wiki, anaitwa wangu.

Jumamosi moja, joto likiwa kali, mama aliketi barazani akijikuna juu ya bandeji.

"Inakuwasha, Eno?"

"Kidogo. Itapita."

"Jasho limeingia humo. Kitaoza. Ngoja nikuangalie tu."

Mama alisitasita. Aliutazama uso wa binti yake, akaona kitu pale, akaunyoosha mguu.

Konadu alifungua tabaka zote nne. Aliosha kwa maji ya mwarobaini, taratibu kama zamani, na mama akafumba macho kwa raha. Aliutia unga wa manjano. Kisha akafunga tena kama alivyokumbuka, lakini aliuonea huruma mguu: kifundoni akalegeza ili asimuumize, kisigino akakiruka, na juu karibu na goti akakaza sana bandeji isiteremke. Jumanne akafungua tena.

Ilipofika Alhamisi unyayo ulikuwa umejaa kama andazi na maji yamepenya mpaka kwenye kiatu. Akyaa alikata bandeji. Chini ya goti palikuwa na mfereji kama wa kamba iliyofungwa shingoni mwa mbuzi. Unga wa manjano ulikuwa umeganda, ngozi ya pembeni imewiva nyekundu, na kidonda kimepanuka karibu kurudi kilipoanza.

"Nani amefungua hii?"

"Mimi," alisema Eno Birago kabla mtu hajapumua. "Ilinisumbua. Uzee ni ukaidi, mwanangu, nisamehe."

Akyaa hakufoka. Alieleza kwamba bandeji iliyokazwa juu na kulegea chini inafunga mlango wa maji kupanda, na ni bora kutofunga kabisa kuliko kufunga hivyo. Kama Eno hawezi kuvumilia, hatamlazimisha. Ataufunika mguu kwa bandeji nyepesi, arudi baada ya majuma mawili waone.

Konadu aliangalia sakafu. Angeweza kusema. Ila ndani yake kitu kilikuwa kikicheza ngoma: yamekwisha, mguu umerudi kwangu.

Nyumbani aliinjika sufuria kabla hata ya kubadilisha nguo. Alipoleta beseni, mama yake aliuvuta mguu nyuma.

"Njia nzima ulikuwa unaimba," alisema.

"Mimi? Nilikuwa naimba nini?"

"Kwa pua. Miaka hujaimba. Mimi ninalia moyoni kwa hiki kidonda, wewe unaimba." Aliufunika mguu kwa upindo wa nguo yake. "Konadu, mimi nilitaka kutembea mpaka kanisani. Basi. Wewe ukataka kidonda changu."

"Eno, mbona ulinitetea?"

"Ningemwambia mgeni kwamba mwanangu ana wivu na mguu wangu mwenyewe?"

Konadu aliyamwaga maji chini ya mgomba na kukaa huko nyuma mpaka jua likatua. Hakujitetea hata kwa nafsi yake. Asubuhi alikwenda kituoni peke yake, kwa miguu, akamkuta Akyaa anapanga makabrasha.

"Ni mimi niliyefungua," alisema akiwa bado mlangoni. "Mara mbili. Niliona wivu. Mama anakuita wake."

Akyaa aliweka makabrasha chini. Kisha akamwambia aingie, avue kiatu, akaufunga mguu wa Konadu vilevile Konadu alivyomfunga mama yake: kaza juu, legeza chini. Akamwambia akae hivyo huku yeye akiendelea na kazi. Haikufika nusu saa, unyayo wa Konadu ukaanza kugonga kama jino bovu na vidole vikavimba, akaomba afunguliwe. Akyaa alifungua, akamkabidhi bandeji mpya, akanyoosha mguu wake mwenyewe juu ya kiti.

"Sasa nifunge mimi. Anza vidoleni. Kisigino usikiruke."

Alimfunga mara tano siku hiyo. Mara ya tano Akyaa alipitisha kidole chini ya bandeji, kifundoni na karibu na goti, akasema inaweza kupita.

Alhamisi iliyofuata, bila kungoja yale majuma mawili, mguu wa Eno ulifungwa upya, na baada ya mwezi Konadu ndiye aliyefunga, nesi akiangalia. Majuma mengine kidonda kilinywea, mengine kiligoma. Mwezi wa tano tangu hapo kikabaki kama punje ya mahindi, kisha ngozi nyembamba ya kung'aa ikakifunika. Akyaa hakushangilia. Alisema vilango havikupona, ni ngozi tu iliyopona. Kila asubuhi kabla hajashuka kitandani Eno avae soksi ndefu ya kubana, maisha yake yote, la sivyo kitafumuka tena.

Jumapili ya shukrani Eno Birago alitembea mpaka mbele ya kanisa. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Akyaa, akamshukuru Nyarkoa aliyemwonyesha njia. Jina la Konadu lilikuja la mwisho, baada ya mchungaji. Konadu alipiga makofi pamoja na wengine, na ule mwiba wa wivu ukamchoma palepale pa siku zote. Alijua sasa kwamba hautang'oka. Aliuacha umchome, akaendelea kupiga makofi.

Siku hizi kila Alhamisi anakwenda kituoni kumsaidia Akyaa. Wagonjwa ni wengi: wauza mihogo, washonaji, mzee mmoja aliyekuwa polisi wa barabarani. Wengine wanamngoja yeye hasa, hawataki mikono mingine.

"Unatoka tena?" mama yake alimwuliza wiki iliyopita, akihangaika na soksi ukingoni mwa kitanda.

"Wananingoja, Eno."

"Miguu ya watu baki unaibembeleza, mama yako anajivalia soksi mwenyewe." Aliivuta, ikakwama kisiginoni. "Huyo polisi, mguu wake ni mzuri kuliko wangu?"

Konadu aliweka mkoba chini, akapiga magoti, akaikunjua ile soksi na kuipandisha polepole mpaka chini ya goti, akailainisha isiwe na mkunjo. Mama yake alinuna. Kisha Konadu akabeba mkoba, akatoka, maana alikuwa amechelewa.