Chumba cha Uani

Bi Mwaija hakuwa mtu wa kujibu barua kwa haraka. Tangu mumewe, fundi wa reli, alipofariki, nyumba ile ya mtaa wa Masuguru, Korogwe, ndiyo iliyomlisha, naye alikwisha kujifunza kwamba mpangaji huchujwa kabla hajafika mlangoni. Lakini barua hii aliirudia tena na tena. Iliandikwa kwa herufi kubwa zilizokandamizwa mpaka karatasi ilikaribia kutoboka. Aliyeiandika ni mjane wa Kimasai aitwaye Nasha, wa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Handeni. Kusoma na kuandika alikuwa amejifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Alisikia kwamba Korogwe kuna chumba kwa Bi Mwaija. Alikuwa na watoto wawili na alitaka kuuza maziwa mjini. Je, chumba bado kipo? Kodi ni kiasi gani? Aje lini kukiona?

"Nilimwambia mimi," alisema Rosina, mpangaji wa chumba cha mbele, aliyekuwa akiuza machungwa pale Segera yanapopita mabasi. "Huja kule na maziwa. Shemeji yake anataka kumrithi pamoja na watoto, na yeye hataki. Ni mtu mpole, mama. Hatakusumbua."

Basi Bi Mwaija akaketi mkekani na kalamu, akaandika, na kila alichoandika alimsomea Rosina.

"Kwa Nasha. Salamu sana. Barua yako nimeipata na chumba bado kipo. Ni cha uani, kina dirisha moja na mlango wenye kufuli. Sakafu ni ya saruji, bati halivuji. Kitanda hakuna, uje na chako au mkeka. Jiko na choo mtatumia pamoja na wapangaji wengine, na uani mnafagia kwa zamu. Maji tunachota bombani, si mbali. Kodi ni shilingi ishirini na tano kwa mwezi, na unapoingia unalipa miezi miwili. Pombe sitaki. Mkaa usiwashwe ndani ya chumba. Mgeni akilala, nijue mimi na ajue balozi wa nyumba kumi. Uje na barua ya mwenyekiti wa kijiji chako inayokutambulisha. Kukiona chumba, njoo Jumamosi baada ya alasiri, au Jumapili tangu asubuhi hadi adhuhuri, maana siku nyingine niko shamba. Nitakushikia mpaka Jumapili ya pili, kisha nitampa mwingine."

Rosina alikuwa ameacha kupanga machungwa yake.

"Hiyo ya mwenyekiti iondoe, mama."

"Kwa nini?"

"Mwenyekiti na shemeji yake wanakula sahani moja. Atakwendaje kuomba ruhusa ya kuwakimbia kwa hao hao anaowakimbia?"

Bi Mwaija alikuwa na sababu. Mwaka uliopita mgambo walimtoa mpangaji wake mmoja chumbani kwa sababu hakuwa na barua, wakampakia lori kumrudisha kijijini. Mzee Kasmiri, balozi wao, alimwambia Bi Mwaija mbele ya majirani kwamba safari nyingine wataondoka wote wawili, mpangaji na mwenye nyumba.

"Akija bila barua watamrudisha vilevile," alisema. "Na mimi nyumba hii ikinitoka, nitalala wapi?"

Akaikunja barua kama ilivyo. Rosina aliondoka nayo asubuhi, akamkabidhi dereva wa lori la pamba aliyekuwa akielekea kule.

Jumamosi ya kwanza Bi Mwaija alipiga deki chumba, akafungua dirisha hewa ipite. Alasiri ikapita, mtu hakuja. Jumapili alikaa barazani mpaka adhuhuri. Wiki ile Gregori, karani wa ghala la mkonge, alikuja kukitazama, akakipenda, akataka kulipa papo hapo. Bi Mwaija akamwambia kimeshikwa.

Jumamosi ya pili alikuja mwanamume mrefu wa makamo, shuka begani. Alimwamkia shikamoo kwa heshima, akajitaja kuwa Lesiamon, kisha akatoa karatasi. Bi Mwaija aliutambua mwandiko wake mwenyewe.

"Mama, nimekuja ili usiendelee kungoja," alisema. "Nasha haji."

"Mzima?"

"Yuko nyumbani."

"Nimeuliza kama ni mzima."

Lesiamon alitazama chini. "Wale watoto ni wa ndugu yangu. Nilimzika kwa mikono yangu. Mtu akiwachukua watoto wake akaenda kuwafungia kwenye chumba cha mjini, mimi nitamwambia nini marehemu? Ungekuwa wewe ungekubali?"

Bi Mwaija alimletea maji. Hakumwona kuwa mtu mbaya, na hilo lilimtia hofu zaidi. Lesiamon alikataa maji, akaaga, akaenda zake. Jioni ile ile Gregori alilipa, akaingiza kitanda chake.

Nasha alifika katikati ya juma, mvua ikinyesha. Alikuja peke yake. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa kwa kitambaa shingoni, na jicho moja limevimba mpaka limefumba. Alisimama nje ya kizingiti kama mtu asiyejua kama ameruhusiwa.

"Shikamoo, mama. Ndimi Nasha. Najua leo si siku ya kuona chumba."

"Marahaba. Ingia, mwanangu. Watoto wako wapi?"

"Wamewachukua." Aliketi taratibu. "Nilikwenda kuiomba ile barua kama ulivyosema. Mwenyekiti akaniambia nisubiri nje. Nikasubiri. Aliporudi walikuwa wengi."

Alisema hivyo bila kulaumu, kama mtu anayeeleza njia aliyopita. Bi Mwaija alitamani amlaumu. Nasha akauliza kama anaweza angalau kukiona chumba. Gregori alikuwa kazini, lakini kufuli lake lilikuwa mlangoni. Walisimama uani mbele ya mlango ule mpaka Rosina aliporudi, akawaingiza ndani kwa kuwashika mikono.

Bi Mwaija alimlaza mkekani chumbani mwake. Alimkanda mkono kwa maji ya moto, akampikia uji, na hakwenda kwa balozi. Lakini Masuguru haifichi mgeni, sembuse mgeni wa aina ile. Siku ya tatu Mzee Kasmiri aliingia na mgambo wawili.

"Barua yake iko wapi, Bi Mwaija?"

"Ni mgonjwa, mzee. Mwache apone."

"Sikuulizi ugonjwa. Kijijini kwao wameleta habari kwamba ametoroka kazi. Mimi nifanyeje? Nami nina wakubwa."

"Basi mtuchukue wote wawili," alisema Bi Mwaija. "Ulisema hivyo."

Mzee Kasmiri aliwaashiria wale mgambo, nao hawakuhitaji kumvuta Nasha, alikwisha kusimama. Watoto wake walikuwa kule kijijini. Labda hata asingetolewa angerudi mwenyewe. Mlangoni alimwambia Bi Mwaija, "Asante kwa uji, mama." Hakugeuka tena.

Mvua zilikwisha, mahindi yakavunwa, ndipo Rosina alipoleta habari kutoka Segera. Nasha alionekana akipalilia shamba la kijiji. Ameolewa na Lesiamon. Mkono uliunga vibaya. Watoto wanalala kwa bibi yao, naye huwaona kwa mbali tu wakienda kuchunga ndama. Kwenye kisomo haendi tena.

Bi Mwaija akasema angependa kumwandikia, amjulie hali tu.

Rosina aliendelea kumenya chungwa.

"Usimwandikie tena, mama," alisema.