Manjano Yasiyouma

Kinyozi alikuwa akijikuna mgongo kwa kitana cha dukani, na mteja aliyekaa kitini akamwomba akiweke kando kabla hakijarudi kichwani kwake. Duka zima likacheka. Kinyozi naye akacheka, akakitumbukiza kitana kwenye dawa, akachukua kingine.

Sindano alikuwa mlangoni akianika taulo. Yeye ni mdogo wa mke wa kinyozi, na jina hilo alibandikwa na kinyozi mwenyewe kwa sababu ya ulimi wake. Taa ya dukani ilikuwa ya njano, na chini yake watu wote walifanana. Lakini shemeji yake alipotoka nje kumsindikiza mteja, jua likampiga usoni, na Sindano akaona kwamba ule weupe wa macho haupo.

"Shemeji, macho yako yana nini?"

"Yamekuona wewe, yakachoka."

"Sitanii. Yamekuwa ya njano."

"Basi nimeiva. Mwambie dada yako aje anichume."

Jioni walikaa watatu mezani, na dada yake akayatoa moja moja aliyokuwa ameyanyamazia. Mkojo wa mume wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Choo kilikuwa kimepauka kama udongo mkavu. Kinyozi alikuwa na jibu kwa kila jambo. Mkojo? Hanywi maji. Kujikuna? Wamebadilisha sabuni. Kukonda? Si aligunduliwa sukari majuzi, akaacha soda? Tumbo kujaa akila kidogo tu? Gesi.

"Mimi siumwi popote," alisema, akajipiga tumbo kama mtu anayepiga ngoma. "Mgonjwa gani asiyeumwa?"

Neno hilo liliwatuliza wote. Hata Sindano alilala vizuri.

Manjano yalipozidi alikwenda zahanati, wakampima virusi vya ini, hakuwa navyo. Wakaandika aende hospitali ya rufaa, akatazamwe zaidi. Dada alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo Sindano ndiye aliyemsindikiza.

Huko ndiko kinyozi alikomtia wazimu. Kila zamu yake ilipokaribia, alimwona mtu anayeugulia, naye akasimama kumpisha. Kwanza mzee aliyejishika kiuno. "Pita baba, mimi naweza kungoja." Kisha mama aliyeumwa jino. Kisha kijana aliyeanguka na baiskeli.

"Shemeji, dukani kwako mtu akiruka foleni unamtoa nje."

"Dukani hakuna anayelia. Mwache huyu apite, anaumwa."

Mlango ukafungwa bila wao kuingia. Wakarudi nyumbani, kinyozi akipiga mluzi, Sindano akiwa amevimba kwa hasira.

Kesho yake, kinyozi alipoinuka tena kumpisha mtu, Sindano alimshika mkanda wa suruali. Mkanda ukamjia mkononi na nafasi ya kutosha kuingiza ngumi nzima. Hasira zikamwisha, woga ukaingia. Akamsukuma shemeji yake mlangoni kama anavyosukumwa mbuzi.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alimsogeza kinyozi dirishani, akamvuta kope.

"Panauma wapi?"

"Hata kidogo, daktari. Niko fiti."

Sindano alitegemea daktari atabasamu. Hakutabasamu. Alimlaza kitandani, akambonyeza taratibu chini ya mbavu za kulia, akasimamisha vidole mahali pamoja.

"Hapa je?"

"Hapaumi."

"Huu ni mfuko wa nyongo. Umejaa hadi naugusa, na wewe husikii kitu." Alikaa. "Mawe ya nyongo kwa kawaida huuma, mtu anajikunja. Manjano yakija kimyakimya hivi, pamoja na kukonda na sukari mpya, sitaki kungoja. Kuna kitu kinaubana mrija wa nyongo. Nataka kukijua leo."

Mpiga picha wa tumbo aliona mirija ya nyongo imetanuka na hakuna jiwe. Mashine kubwa ya kupiga picha, ile ambayo mtu hulala ndani, ikaonyesha kilichobaki: uvimbe mdogo kwenye kichwa cha kongosho.

Daktari wa upasuaji aliwaita wote watatu, mtoto akiwa mgongoni mwa mama yake. Aliwaambia neno lenyewe bila kulizungusha, kwamba karibu hakika ni saratani. Kisha akaweka kiganja juu ya kitovu chake mwenyewe.

"Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula, limeegemea uti wa mgongo. Mkono haulifikii. Hatuna kipimo cha kumpima kila mtu asiye na dalili kikatuonyesha mapema. Uvimbe unakua, mwenyewe anasema ni gesi, ni uchovu, ni sukari. Ukiota kwenye mkia wa kongosho unaweza kukaa kimya hadi usambae. Ndiyo maana wengi wanaokuja kwangu siwezi kuwapasua."

"Na huyu?" dada akauliza.

"Wake umeota kwenye kichwa cha kongosho, mrija wa nyongo unapopita. Umeubana ungali mdogo. Nyongo imekosa njia, ikarudi kwenye damu, ndiyo hiyo mnayoiona machoni. Mishipa mikubwa haujaigusa, na sijaona kitu kwenye ini. Nikipewa wiki ijayo, nautoa."

Kinyozi alijikuna shingo. "Daktari, shule zinafunguliwa. Watoto wote wa mtaa watakuja kunyolewa. Si tusubiri kidogo? Ukianza kuuma nitakuja mbio."

"Uvimbe ukianza kuuma mgongo, mara nyingi umeshashika mishipa ya fahamu. Huenda nisiweze tena."

Bado kinyozi alitazama dirishani. Dada alianza kulia bila sauti. Sindano alijua akimwonea huruma amempoteza.

"Wewe shemeji," alisema, "umezoea kuwapisha wanaolia. Haya, tazama. Mke wako analia. Mpishe basi."

Kinyozi alimtazama mke wake. Kisha akamgeukia daktari. "Niandike," alisema.

Walimwingiza asubuhi, wakamtoa jua linazama. Walitoa kichwa cha kongosho, mfuko wa nyongo na kipande cha utumbo, wakaunganisha upya yaliyobaki. Alipozinduka alilalamika kuumwa hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakamwambia awaachie nao zamu. Sindano alicheka, machozi yakimtiririka, na muuguzi akamletea dawa ya maumivu.

Macho yalianza kung'aa siku baada ya siku. Majibu ya nyama iliyokatwa yalipokuja, daktari wa upasuaji alisema kingo za nyama hiyo ni safi, hazina saratani, ila tezi moja ilikuwa na chembe za ugonjwa. Kwa hiyo akipata nguvu ataanza dawa za saratani kwa dripu, na vidonge vya kusaga chakula atakunywa kila anapokula. Ugonjwa unaweza kurudi, alisema, siwafichi.

Dada alisema, "Tumesikia, daktari. Asante," na akalisema lile asante mara nyingine, na nyingine.

Siku ya kuruhusiwa, Sindano aliwaacha getini akarudi peke yake hadi kwa yule daktari wa sauti ya chini. Alipanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika akakaa, mikono mapajani.

"Unaumwa wapi?" daktari akauliza.

"Siumwi," Sindano alijibu, akaona daktari amebadilika uso na kumkazia macho, akawahi kumtuliza. "Hapana, hapana, mimi ni mzima kweli! Nimekuja kwa ajili ya shemeji. Kinyozi. Leo amekula uji, akaomba tena."

Daktari aliweka kalamu chini. "Ameomba tena?"

"Bakuli la pili."

"Keti vizuri," daktari alisema, na sasa ndipo akatabasamu. "Nieleze."