Picha Mbele na Nyuma

Mutuma alipiga simu kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi. Shirika la ndege lilikuwa limeikataa picha ya kadi yake ya ukaazi wa Kanada. Walitaka kadi yenyewe. Wakati wa kwenda Kenya hakuna aliyemuuliza, pasipoti ya Kenya ilitosha. Kadi aliisahau huku Kanada, mtaani Rexdale, mezani kwa Nkirote, mkewe wa zamani, siku alipokuja kuwaaga watoto.

"Nkirote, tafadhali, nitumie leo hii."

Nkirote aliigeuza kadi kiganjani. Walipoachana, Mutuma huyuhuyu alimfungia vyeti vyake vya uuguzi asivichukue, akamcheka: "Si una picha kwenye simu? Inatosha." Haikutosha. Mwaka mzima, mpaka chuo kilipompa vingine, Nkirote alibeba maboksi ghalani, mgongo ukimuuma.

"Omba hati ya kusafiria ya wakaazi wasio na kadi," alisema. "Utangoja kidogo. Mimi nilingoja mwaka."

"Na kadi?"

"Nakutumia sasa hivi."

Alikata simu, akaisogeza kadi dirishani penye mwanga, akaipiga picha mbele na nyuma, akamtumia kwa WhatsApp. Chini yake akaandika: "Inatosha."