Mstari Uliokatwa

Daktari Silvester alikuwa na mkono mwepesi, na hilo hata waliokuwa hawampendi walilikubali. Tatizo lake ni kwamba kalamu yake ilikuwa nyepesi kuliko mkono. Kabla hajanawa, alikuwa akifungua daftari la upasuaji na kujaza ripoti kuanzia chini: Matatizo, hakuna. Hesabu ya vifaa na vitambaa, kamili. Kisha ndipo alipokwenda kumpasua mgonjwa.

Nesi Ikupa, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu vifaa na kuandika ripoti daktari akimsomea, alikuwa akiitazama tabia hiyo kwa mwaka mzima na kuimeza. Alikuwa binti wa Tukuyu aliyekuja kufanya kazi Iringa, na alikipenda chumba kile cha upasuaji kuliko kitu chochote. Alipenda harufu yake ya dawa, ukimya wake, hata birika lake la kuchemshia vifaa lililokuwa likifoka kama mama mkwe.

Asubuhi ile aliletwa Yotamu, fundi cherehani wa Mbeya aliyekuja Iringa kununua vitambaa akaishia kubebwa na tumbo lake. Maumivu yalikuwa yameanzia kitovuni, yakahamia chini kulia, kisha homa. Didas, dresa msaidizi wa daktari mwenye subira ya ng'ombe, akamdondoshea etha kwenye kinyago mpaka akalala. Daktari akapasua chini kulia, akatenganisha misuli, akaingia.

"Andika," alisema baadaye akiwa bado anafanya kazi, na Ikupa akaweka akilini ili aandike. "Kidole tumbo kimevimba, kimeoza kwenye ncha, kimetoboka. Kimening'inia kuelekea kwenye nyonga. Usaha kiasi cha nusu kikombe huko chini, umefutwa. Kidole kimefungwa shinani, kimekatwa, kishina kimezikwa. Damu iliyopotea, kidogo."

Akaweka mpira mwembamba wa kutolea usaha, akanyoosha mkono apewe sindano afunge utando wa tumbo.

Ikupa hakumpa. Alikuwa amehesabu koleo, kumi na mbili. Sindano, nne. Vitambaa vya shashi, kumi na tisa. Akahesabu tena pamoja na Didas. Kumi na tisa. Vilikuwa vimeingia ishirini.

"Daktari, kitambaa kimoja hakipo."

"Umehesabu vibaya."

"Tumehesabu wawili."

Silvester akavuta pumzi ndefu kwenye barakoa. Lakini alisimama, hakufunga. Akaingiza mkono tena, akapapasa taratibu kila upande, huku Ikupa akipekua ndoo na Didas akiinama chini ya meza bila kuuacha mshipa wa shingo wa mgonjwa. Hatimaye Ikupa akasema, "Daktari, naomba uinue mguu." Kitambaa kilikuwa kimegandamana chini ya buti lake la mpira, chekundu na bapa. Didas akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Jioni hiyo hiyo kabla jua halijazama, Ikupa alifungua daftari. Mstari wa mwisho ulikuwa umeshajazwa tangu asubuhi: kamili. Akaukata kwa mstari mmoja, neno likaendelea kusomeka, na chini yake akaandika: Hesabu ya kwanza, vitambaa kumi na tisa kati ya ishirini. Daktari alisimamisha kufunga, akatafuta tumboni. Kitambaa kilipatikana sakafuni chini ya kiatu. Hesabu ya pili kabla ya kufunga utando, ishirini. Hesabu ya tatu kabla ya kufunga ngozi, ishirini. Koleo kumi na mbili, sindano nne. Waliohesabu, Ikupa na Didas.

Silvester aliposoma, masikio yalimbadilika rangi. "Unaniandikia aibu kwenye daftari la hospitali? Mkaguzi akija atasoma buti langu?"

"Ndivyo ilivyokuwa, Daktari."

Akatia sahihi, maana uwongo wa kuandika mbele ya shahidi ulimshinda. Lakini akaongeza kwamba Ikupa akirudi kutoka likizo yake iliyokaribia ataenda kufunga vidonda vya wagonjwa wa nje, na chumba cha upasuaji kitapata mtu mwingine. Ikupa alikwenda kulia nyuma ya chumba cha kufulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Mpira ulitolewa siku ya tatu, nyuzi siku ya nane. Yotamu alikuwa anakula na kutania watu, akaruhusiwa kurudi Mbeya, na kwa kuwa Ikupa alikuwa anakwenda likizo kwao kwa basi lile lile, akapewa nakala ya ripoti ampelekee daktari wa huko. Aliinakili mwenyewe. Alipofika kwenye mstari uliokatwa, kalamu ilisita. Ukurasa safi ungempendeza Silvester, na pengine kazi yake ingerudi. Akanakili kila kitu, pamoja na neno lililokatwa.

Kabla ya kufika Igawa, kituo cha njiani, Yotamu alikuwa amemsimamisha dereva mara nne.

"Dada nesi, tumbo linanifukuza. Najisaidia kamasi tu," alinong'ona.

Ikupa akamshika paji la uso. Moto. Safari yote iliyobaki alikaa na ile nakala mapajani.

Mbeya walipokelewa na Daktari Filemoni, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akabonyeza tumbo, akaona kovu jipya na homa kali. "Siku ya tisa," alisema. "Mara nyingi nimekuta kitambaa humu. Waambieni wachemshe vifaa, nitafungua."

"Kuna ripoti," Ikupa alisema, akainyoosha.

"Mwanangu, ripoti zote huandika kamili. Wapo wanaoiandika kabla maji hayajachemka."

Hata hivyo aliisoma. Akafika chini, akasimama, akarudi juu, akasoma tena polepole. "Nani amekata hapa?"

"Mimi."

"Mliacha mgonjwa wazi mkakitafuta kitambaa hiki?"

"Daktari ndiye aliyesimama. Mimi nilihesabu."

"Basi humu hamna kitambaa," Filemoni alisema, "na mmeandika usaha ulikuwa nyongani. Umejikusanya tena huko huko." Akavaa glovu, akapima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, Yotamu akiita majina ya mababu wote. Mbele ya kidole palikuwa na uvimbe laini, umeiva. Hapakuhitajika kisu cha tumbo. Yotamu akalazwa usingizi kwa etha kidogo, uvimbe ukafunguliwa huko huko kwa koleo, usaha ukajaza bakuli, na baada ya siku tatu za penisilini homa ikaisha. Siku ya nne Yotamu, akiwa kitandani, alimpima Ikupa gauni kwa macho.

"Ndaga fijo, mwanangu," Filemoni alimshukuru Ikupa kwa lugha ya kwao Tukuyu, kisha akaandika barua ndefu kwa Silvester huko Iringa na kuifunga mwenyewe.

Likizo ilipokwisha, Ikupa alipita moja kwa moja kwenye chumba cha vidonda na kufunga aproni. Hakutaka kuombwa wala kuomba. Lakini Silvester alikuja mlangoni na ile barua mkononi.

"Filemoni anasema angemfungua Yotamu tumbo lote kama si mstari ule," alisema. "Anasema pengine asingepona." Akaikunja barua mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Mimi niliona umeandika buti langu tu. Sikuona kwamba uliandika pia kuwa nilisimama."

Ikupa akamalizia fundo la bendeji ya mgonjwa wake.

"Kuna upasuaji wa ngiri saa nne," Silvester alisema. "Daftari lipo mezani. Sijajaza kitu."