Mdhamini wa Mpwa wa Bosi

Barua ya mhasibu ilikuwa tamu kuliko ya posa. Mama mwenye nyumba aliisoma sebuleni kwake, miwani puani, huku mhasibu na mkewe wamekaa mbele yake. Kampuni imemhamishia tawi la mbali, mwezi ujao anaripoti. Mkataba wa nyumba una nusu mwaka mbele. Anaomba wavunje mapema, na kwa uungwana wake ameshapata wa kushika nafasi yao: "kijana mwadilifu asiye na mfano."

"Barua ya uhamisho nimeiona, sina neno," alisema mama. "Na huyo mwadilifu nimekwenda kumwona anakoishi."

Mhasibu akarekebisha tai. "Kwake?"

"Ulitaka nimjulie wapi? Mwenye nyumba wake kamsifu mpaka povu likamtoka, halafu kila baada ya sifa mbili ananiuliza, anahama lini? Nimeanza kupangisha hujaota ndevu, baba. Mpangaji mzuri hasukumwi mlangoni hivyo."

"Mama, namfahamu. Ni mtu safi kabisa."

"Vizuri. Atasaini mkataba wake, na wewe utasaini kumdhamini kwa miezi iliyobaki. Akikwama kodi, nakudai wewe hukohuko uendako."

Mhasibu akakohoa. Akatazama dari, akatazama viatu. "Unajua mama, mtu ana mambo yake ya ndani…"

"Ehe! Sasa ana ya ndani. Muda huu tu alikuwa malaika."

Mama aliwahi kuona waongo wa kila namna, lakini huyu wa tai na kalamu mfukoni alimtia kinyaa: hata uongo wake alitaka mwingine aulipie.

"Mwambie," mkewe akasema. "Husemi? Haya. Ni mpwa wa bosi wake, mama. Bosi amechoka kumlipia madeni ya kodi, akamtaka huyu amtafutie pa kuhamia."

"Mke wangu!"

"Mke wako nini? Nilikutajia muuguzi mwenzangu, ukasema ana mapacha, mama atakataa."

"Nani kakwambia nakataa watoto?" Mama alimgeukia mhasibu kama mtu anayetazama kitu kilichonata kwenye soli ya kiatu. "Hukuniuliza. Umeniamulia." Kisha kwa mke: "Huyo muuguzi, utamdhamini?"

"Hata sasa hivi."

"Nitamwona kesho anakoishi. Nikiridhika, atasaini wake, wewe utasaini udhamini, nami nitawaandikia ridhaa ya kuwaachilia. Amana yenu mtapata nikishakagua nyumba na kukata gharama za matengenezo kama zipo."

Muuguzi alimridhisha. Siku ya kusaini, mke alisoma kila kipengele kwa utulivu, akatia sahihi. Mama aliikunja ridhaa akamkabidhi yeye, akiupita mkono wa mhasibu ulionyooshwa kuipokea.

"Sasa bosi nitamwambia nini?" mhasibu akalalama.

"Mwambie mwenye nyumba ana roho mbaya," mama akajibu, akifungua mlango. "Huo nao ni uongo, lakini angalau huu nimekubali mwenyewe kuulipia."